Leo ni siku gani? Kwa mnaoandika vikomo vya siku kwenye seva ya UTC

Juzi nimekagua kazi ya kijana wetu mmoja hapa Kampala, kazi safi kabisa, majina ya vigeu yanaeleweka, majaribio yote yamepita. Nikafika kwenye kikomo cha kutoa pesa kwa siku nikakuta `CURRENT_DATE`. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu ni watu makini ninaowapenda. Nimechoka kuandika maelezo yale yale pembeni ya msimbo, kwa hiyo nayaweka hapa mara moja.

1. Siku ya seva inaanza saa tisa usiku.

Mnajua tayari kwamba sisi tuko UTC+3, lakini wengi hamjaifuata hesabu hiyo mpaka mwisho. Kampala inapofika saa sita usiku, seva inasoma 21:00 ya siku iliyopita. Kuanzia hapo mpaka saa tisa usiku, mteja yuko Jumanne na seva bado iko Jumatatu. Kwa saa ishirini na moja zilizobaki mteja na seva wanakubaliana, ndiyo maana kosa hili halionekani ofisini. Utajaribu saa nne asubuhi, utajaribu saa kumi jioni, kila kitu kitakwenda sawa. Kwenye kompyuta yako halitaonekana hata ukikesha, maana hiyo imewekwa saa za Kampala.

Madhara yake ni ya pande mbili. Anayetoa pesa baada ya saa sita usiku anakatwa kwenye kikomo cha jana. Na anayetoa saa nane usiku, kisha akatoa tena saa nne asubuhi, anapata vikomo viwili ndani ya siku moja ya kalenda yake. Wa kwanza atapiga simu kulalamika. Wa pili hatapiga, kwa hiyo usihesabu ukubwa wa kosa kwa malalamiko.

2. Usiandike `UTC+3`. Andika `Africa/Kampala`.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili lilimgharimu mtu mwingine, si mimi.

Miaka ile nilikuwa nashughulikia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Kikomo cha kutoa kilikuwa shilingi 1,000,000 kwa siku. Mwanachama mmoja, mama anayeuza kabichi na nyanya soko la Kalerwe, alitoa 700,000 Jumatatu saa kumi na moja jioni kulipa ada ya watoto. Usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba na nusu, lori la kabichi likaingia, akataka kutoa 800,000. Simu ikamjibu: «Umefikia kikomo cha leo. Jaribu kesho.»

Asubuhi malalamiko yake yalifika mezani kwangu. Nikafungua databesi nikaona miamala miwili, wa 14:00 uliopita na wa 22:30 uliokataliwa, yote ina tarehe ya Jumatatu. Nikampigia nikamwambia, «Mama, ulitaka kutoa milioni moja na nusu kwa siku moja.» Akasema, «Mwanangu, Jumatatu ilikuwa imeshakwisha.» Nikamwambia mfumo unaonyesha Jumatatu. Nilikuwa naisoma tarehe ya UTC kwenye skrini na kuitumia kumsahihisha mtu aliyekuwa macho usiku ule. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Akanyamaza, akaniaga kwa adabu, akakata.

Yalipokuja malalamiko mengine mawili, yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku, nikashtuka. Nilielewa tatizo jioni ile ile, na haraka yangu ya kulimaliza ndiyo ikaniangusha. Kwenye swali la databesi nilibadilisha sehemu moja tu: badala ya siku ya seva, nikaandika `AT TIME ZONE 'UTC+3'`. Nikajaribu, ikapita. Ilikuwa saa kumi jioni. Nikaipandisha kwenye seva nikaenda nyumbani.

Postgres inaposoma jina la namna hiyo inafuata desturi ya POSIX, ambamo alama ya kujumlisha maana yake ni magharibi ya Greenwich. Kwa hiyo `UTC+3` ni saa tatu nyuma ya UTC, yaani saa sita nyuma yetu. `Etc/GMT+3` ni vile vile. Ajabu ni kwamba ukiandika muda kamili wenye `+03` mwishoni, kama `2024-05-14 01:30:00+03`, hapo alama inamaanisha mashariki kama unavyotarajia. Macho yanaona kitu kile kile mara mbili, na maana ni kinyume.

Matokeo yake, siku ya mfumo sasa ilianza 03:00 UTC, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Dirisha la makosa lililokuwa la saa tatu nililifanya la saa sita. Na saa kumi jioni, nilipojaribu, tarehe zote zilikuwa zinalingana.

Wiki iliyofuata yule mama akapiga tena. Kumbe alikuwa ameshagundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba kikomo hufunguka saa tisa usiku. Alikuwa amepatana na wenye malori wamsubiri mpaka saa hiyo. Usiku ule saa tisa ikafika, simu ikakataa. Akajaribu saa tisa na nusu, ikakataa. Saa kumi dereva akawashushia wengine mzigo. Pesa yake ilifunguka kulipopambazuka, na kabichi zilikuwa zimeshapata wenyewe.

Safari hii nilikwenda sokoni mwenyewe kumwomba radhi. Alikuwa na daftari la hesabu lenye jalada lililolowa, akalifungua chini ya taa ya betri. Kwenye ukurasa mmoja aliandika Jumatatu, chini yake ada ya shule. Kisha mstari uliopigwa kwa rula, halafu Jumanne, na mzigo wa kwanza wa lori chini yake. Kile nilichokosea mara mbili kwenye databesi, yeye alikuwa amekiandika sawasawa kwa kalamu. Tangu siku ile, nikiulizwa kikomo kifuate siku ipi, namkumbuka na mstari wake.

Niliporudi ofisini niliandika hivi:

```sql
SELECT now() AT TIME ZONE 'UTC+3',
       now() AT TIME ZONE 'Africa/Kampala';
```

Safu ya kwanza ilisema 11:10, ya pili 17:10. Sekunde moja ya kazi, ambayo ningeifanya kabla ya kupandisha kitu. Ifanyeni.

Marekebisho yenyewe ni haya:

```sql
WHERE created_at >=
  date_trunc('day', now() AT TIME ZONE 'Africa/Kampala')
  AT TIME ZONE 'Africa/Kampala'
```

Wengi huniuliza kwa nini jina la ukanda linatajwa mara mbili. Mara ya kwanza unageuza sasa hivi kuwa saa ya ukutani ya Kampala, ndipo `date_trunc` ikate mpaka saa sita usiku ya Kampala. Mara ya pili unairudisha ile saa sita kuwa nukta halisi ya muda, ili ilinganishwe na `created_at`. Ukiacha ya pili, saa sita ya Kampala itasomwa kama saa sita ya UTC, yaani saa tisa usiku kwetu, na miamala ya kabla ya hapo haitahesabiwa kabisa. Na usiigeuze safu yenyewe ya `created_at` kuwa tarehe, la sivyo faharasa yake haitatumika.

3. Angalia safu yako ni ya aina gani kabla ya kunakili hayo.

Yote ya hapo juu yanadai `timestamptz`. Kama safu ni `timestamp` tupu, `AT TIME ZONE` hufanya kazi upande wa pili: inachukulia kwamba kilichoandikwa ni saa ya Kampala na kukupeleka nyuma saa tatu, badala ya mbele.

4. Siku ni ya akaunti, si ya simu.

Kuna aliyependekeza simu ya mteja itume tarehe yake. Hapana. Mtu akibadilisha saa ya simu amejifungulia kikomo kipya. Na hata bila hila, wanachama wetu wanasafiri: Kigali, Goma na Juba ziko UTC+2, saa moja nyuma yetu. Mfanyabiashara akiingia Kigali saa tano na nusu usiku, Kampala ni saa sita na nusu na siku imeshageuka. Akaunti ilifunguliwa Uganda, basi ifuate Kampala popote alipo mwenyewe, na mkataba useme hivyo.

Mwingine atasema tuiweke seva yenyewe saa za Kampala tumalize. Itafanya kazi mpaka siku mtakapowasha mashine mpya, ambayo itakuja na UTC, na hakuna mstari wowote wa msimbo utakaoonyesha kilichobadilika. Andikeni ukanda mahali pamoja, kwenye funksheni moja inayopokea nukta ya muda na kurudisha siku, na kila kikomo kiipitie hiyo. Ijaribuni kwa nukta nne: 20:59:59, 21:00:00, 23:59:59 na 00:00:00 za UTC. Siku igeuke kati ya mbili za kwanza, isigeuke kati ya mbili za mwisho. Hilo mnaweza kulijaribu mchana kweupe.

5. Mpaka wa siku haumzuii mwizi.

Mkishasogeza mpaka mahali pake, mwenye simu ya wizi bado anaweza kutoa milioni saa sita kasorobo na milioni nyingine saa sita na robo. Kama kikomo kimewekwa kwa ajili ya usalama, hesabuni saa 24 zinazotembea, kuanzia muamala unaoombwa kurudi nyuma. Kama kimewekwa kwa ajili ya kanuni za chama, kalenda inatosha. Waulizeni walioomba kikomo wanataka kipi kabla hamjaandika chochote. Kwa dirisha linalotembea mteja hawezi kukisia lini pesa itafunguka, kwa hiyo mwambieni.

Na lile neno «kesho» liondoeni kwenye ujumbe. Saa saba usiku, kwa mtu aliyekesha sokoni, halina maana moja. Wala msiandike «saa 6» peke yake, kwa sababu simu yake inapoonyesha 6:00 ni saa kumi na mbili, na Waganda nao huhesabu saa kama sisi. Ujumbe tunaotumia sasa ni huu: «Leo Jumanne umebakiza shilingi 200,000. Kikomo kitaanza upya usiku wa kuamkia Jumatano, saa sita usiku.»