Picha ya swali ikiwa na ukungu, jaribu n = 2 kabla ya kuanza prufu

Juzi mdogo wangu wa fom faivu kanitumia wasapu picha ya swali la indaksheni, kivuli cha mkono kimeangukia daftari. "Kaka, upande wa kulia unagoma, nimeanza tangu saa mbili." Na mimi nikaisoma kama alivyoisoma yeye:

```
1³ + 2³ + ... + n³ = n(n+1)²/4
```

Ukiweka n = 1 kushoto unapata 1, kulia 1×4/4 = 1, safi kabisa. Ndo mtego wenyewe, maana 1 ukiipandisha kipeo chochote inabaki 1, kwa hiyo kipeo kikipotea kwenye picha n = 1 haitakuambia kitu. Weka n = 2: kushoto 1+8 = 9, kulia 2×9/4 = 4.5. Hapo nikamwambia piga tena picha, karibu, bila kivuli. Kumbe kulia ni n²(n+1)²/4, ile 2 ndogo ya n ya mwanzo ilikuwa imemezwa.

Sasa prufu yenyewe, andika hivi hivi usiruke kitu.

Hatua ya msingi, n = 1: kushoto 1³ = 1, kulia 1²(1+1)²/4 = 4/4 = 1. Pande zote sawa, kwa hiyo ni kweli kwa n = 1.

Dhanio: chukulia ni kweli kwa n = k, yaani 1³ + ... + k³ = k²(k+1)²/4, ambapo k ni namba nzima kuanzia 1.

Hatua ya indaksheni: ongeza namba inayofuata, (k+1)³, pande zote mbili. Kulia inakuwa:

```
k²(k+1)²/4 + (k+1)³
= [k²(k+1)² + 4(k+1)³]/4
= (k+1)²[k² + 4(k+1)]/4
= (k+1)²(k² + 4k + 4)/4
= (k+1)²(k+2)²/4
```

Mstari wa tatu ndo wengi wanapopotelea, wanafungua mabano yote wanaishia na k⁴ na msururu mrefu halafu hawajui wairudisheje, wakati (k+1)² ipo kwenye vipande vyote viwili, we itoe tu nje. Kilichobaki ndani, k² + 4k + 4, ni (k+2)².

Halafu k+2 ni (k+1)+1, kwa hiyo hiyo ni fomula ileile palipokuwa na n pamewekwa k+1. Malizia kwa kuandika: ni kweli kwa n = 1, na ikiwa kweli kwa k ni kweli kwa k+1, basi ni kweli kwa kila n kuanzia 1. Usiiache hiyo sentensi, bila hiyo umefanya aljebra tu.

Na ile fomula mbovu? Ukiilazimisha unafika (k+1)²(5k+4)/4, wakati unatakiwa ufike (k+1)(k+2)²/4. Hazilingani hata ukihangaika mpaka asubuhi, na ndo maana dogo alikwama, aljebra yake haikuwa na kosa hata moja.