Mgeni akija na dola mapokezini

Nimekaa mapokezi ya lodge hapa Sinza muda mrefu, na mazungumzo yanayochosha kuliko yote ni ya dola. Mgeni anatua usiku, anaweka noti kaunta, anataka ufunguo. Ukimjibu "hatupokei" tu, anajiona amefukuzwa. Mweleze sababu.

Tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kupanga bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Kwa hiyo bei ukutani ni shilingi, na risiti ni shilingi. Wala usimbadilishie kwa pesa za droo, hata akikubembeleza, maana kubadilisha fedha kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Mwelekeze benki au duka la fedha. Bora zaidi, mtumie ujumbe kabla hajasafiri, abadilishe kiasi uwanja wa ndege.

Akirudi na shilingi, mara nyingi atalalamika: "Kwenye simu niliona kiwango kikubwa!" Hapo toa kikokotoo. Tuseme simu inaonyesha 2,500. Hicho ni cha katikati, hakuna dirisha linalompa mtu. Duka linanunua dola chini yake na kuuza juu yake, na yeye anauza dola, kwa hiyo asome safu ya "kununua". Tuseme ni 2,460 kwa noti za 50 na 100, na 2,350 kwa noti ndogo. Chumba ni 120,000, siku tatu 360,000. Ana dola 150: noti moja ya 100 inampa 246,000, na zilizobaki za kumi kumi zinampa 117,500. Jumla 363,500. Zinatosha, ila alitegemea 375,000. Noti chakavu, iliyochanika pembeni au ya toleo la zamani, inaweza kukataliwa kabisa. Mwambie mapema aje na noti kubwa, mpya.

Kwa kadi, simama naye karibu. Mashine nyingine huuliza akatwe kwa TZS au kwa sarafu ya kwao. Achague TZS, benki yake ibadilishe yenyewe. Akichagua sarafu ya kwao, kiwango hupangwa kwenye mashine, na mara nyingi kina nyongeza ndani yake. Kama lodge inaongeza makato ya kadi, yataje kabla hajaingiza namba ya siri.

Wageni wetu wa Mwanza au Mbeya hulipa kwa M-Pesa, Mixx au Airtel Money. Wape Lipa Namba, na uwatajie jina la biashara litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina jingine, wasitishe. Kisha subiri ujumbe uingie kwenye simu ya ofisi na uangalie salio. Ujumbe anaokuonyesha mgeni kwenye simu yake usiutolee ufunguo, kwa kuwa mtu anaweza kuutunga.

Na malipo ya awali yakirudishwa, yarudi kwa njia yaliyoingilia: ya kadi kwenye kadi ileile, ya simu kwenye namba ileile.