Mwambie, lakini mrahisishie kukataa

*Swali la wiki: "Nina rafiki wa kike tangu tukiwa chuo. Tunashirikiana karibu kila kitu, mpaka mama yake ananiita mwanangu. Mwaka huu nimejikuta nampenda, na si kwa urafiki tu. Nimwambie? Na nikimwambia, nitaulindaje urafiki wetu hata akinikataa?" (Msomaji, Mwanza)*

Mdogo wangu, nakujibu kutoka upande wa pili. Mimi ndiye niliyeambiwa, na rafiki yangu wa karibu, mwalimu mwenzangu wakati huo hapa Morogoro. Nilimkataa. Mpaka leo ni rafiki yangu, na nikikaa kufikiri kwa nini urafiki ule haukufa, naona sehemu kubwa aliifanya yeye kabla sijafungua mdomo. Alinirahisishia kukataa. Hilo ndilo nataka nikueleze kwa kirefu, maana watu wengi wakijiandaa kusema hupanga jinsi ya kupata ndiyo, na hapana wanaiachia bahati.

Anayeambiwa naye yuko kwenye shida, na hili wanaopenda huwa hawalioni. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Marekani, Roy Baumeister, Sara Wotman na Arlene Stillwell, walichapisha utafiti uliokusanya masimulizi ya watu kuhusu mapenzi ya upande mmoja, waliopenda na waliopendwa. Waliokataa walieleza hatia na kuchanganyikiwa. Hawakujua waseme nini. Waliokataliwa, kwa upande wao, mara nyingi waliamini kwamba mwenzao naye aliwahi kuwapenda na kwamba hawakuwahi kuambiwa hapana iliyo wazi. Niliposoma hayo nilijiona mwenyewe. Na kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu tumelelewa tusimkatalie mtu usoni. Tunasema "tutaona", "ngoja kwanza nitulie", "Mungu akipenda". Mwenye kupenda anayasikia hayo kama foleni inayosogea, kumbe mwenzake ameshajibu.

Sasa nikueleze alivyofanya. Ilikuwa Jumamosi mchana, tumemaliza kusahihisha mitihani, tumekaa kwenye banda la juisi ya miwa karibu na stendi ya Msamvu. Watu wamejaa, kila mtu na mambo yake, na mimi ningeweza kuinuka na kupanda daladala dakika yoyote. Wiki iliyotangulia tulisafiri pamoja basi moja kutoka Dodoma na hakugusia kitu. Baadaye aliniambia alifanya hivyo makusudi: kwenye basi ningebanwa naye kwa saa kadhaa baada ya kusikia, sina pa kwenda. Hata chumbani kwangu hakutaka, maana kwangu angekuwa mgeni ambaye ninalazimika kumfukuza.

Maneno yake nayakumbuka vizuri. Alisema: "Nina jambo, na halihitaji jibu leo. Kwa muda sasa nakupenda, kwa maana ya kutaka tuwe wachumba. Nakuambia kwa sababu nikizidi kukaa nalo nitaanza kukuficha na mambo mengine. Kama wewe huoni hivyo, nitaumia kidogo, na hayo maumivu ni yangu, sitakudai. Jumanne tunaenda kumwona mama yako hospitali kama tulivyopanga." Akanyamaza. Nikamuuliza jambo moja au mawili, akajibu, kisha akaaga yeye kwanza.

Angalia maneno hayo yalivyofanya kazi. Aliposema "kwa maana ya kutaka tuwe wachumba" alinitoa kwenye kubahatisha, nisije nikalijibu jambo ambalo hakuliuliza. "Halihitaji jibu leo" iliniondolea woga wa kuropoka. "Hayo maumivu ni yangu" ilinivua mzigo wa kumbembeleza. Na ile Jumanne ndiyo iliyonigusa zaidi kuliko yote, kwa sababu hakuniahidi kwa maneno makubwa kwamba urafiki utabaki. Alitaja siku, na pa kwenda. Hakuniambia "siwezi kuishi bila wewe". Mtu akikwambia hivyo, ukikataa unakuwa umemuua.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililielewa baadaye. Mwaka ule alinikopesha hela ya mabati nilipokuwa naezeka nyumba ya mama, nikawa namlipa kidogo kidogo kila mshahara ukitoka. Alisubiri nimalize deni lote ndipo akasema. Fikiri angesema nikiwa bado nadaiwa: kila neno langu lingepimwa na ile hela, na mimi mwenyewe nisingejua kama nakubali kwa kupenda au kwa kuona haya. Kwa hiyo kabla hujasema, tazama kati yenu kuna nini. Kama anakudai au unamdai, kama mko kwenye mchezo mmoja na zamu yake ya kupokea inakuja, kama ulimtafutia kazi na bado yuko kwenye majaribio, acha hayo yapite kwanza. Na usiende na zawadi siku hiyo. Simu mpya mezani ni deni jingine.

Mama yake anayekuita mwanangu, usimwambie. Najua inavuta, maana huenda mama angefurahi na kukuunga mkono siku hiyohiyo. Tatizo lipo hapo. Binti atakuwa anamkataa mama yake pamoja na wewe, na kila ukifika pale nyumbani kutakuwa na macho yanayowatazama. Vilevile usitume rafiki akupimie upepo. Mshenga ana kazi yake ya heshima, lakini anakwenda kwa wazazi wakati nyinyi wawili mmeshaelewana. Akitangulia kabla ya hapo, rafiki yako atajibu akiwa na hadhira.

Wasapu nayo iache. Ujumbe mrefu wa saa sita usiku naujua, nimewashika mkono rafiki zangu wengi waliopokea ujumbe wa aina hiyo. Mwandishi anaona tiki za bluu, jibu haliji, anaandika "umeona?", kisha "basi samahani", kisha anafuta. Aliyeupokea anabaki na maandishi "ujumbe huu umefutwa" na moyo unaomwenda mbio, na kama ana shoga wa kumshauri, picha ya skrini imeshafika kwa shoga. Uso kwa uso hakuna cha kusambaza, na zaidi ya hapo anaweza kukuuliza ulimaanisha nini. Kama mmoja wenu yuko mbali, piga simu mchana na muulize kwanza kama ana nafasi ya kuongea.

Kuhusu jibu, nitakuwa mkali kidogo. Ndiyo huwa inajulikana. Mtu anayekutaka atalirudia mwenyewe lile jambo, kwa aibu au kwa kuzungukazunguka, lakini atalirudia. Akisema "wewe ni kama kaka yangu", amejibu. Akisema "nipe muda", mpe, na usimkumbushe hata kwa utani, wiki zikipita hajaligusa, lichukulie kuwa ni hapana na umrahisishie kwa kusema, "Lile jambo tuliache, tuko sawa." Akianza kuja na mdogo wake kila mnapokutana, akawa anajibu kwenye kundi tu na ujumbe wako wa peke yako haujibu, anakwambia jambo. Usimuulize sababu. Mimi ningeulizwa kwa nini, ningetafuta sababu ya kumfurahisha, ningesema labda kwa sasa nashughulikia masomo, na yeye angesubiri nimalize masomo.

Mimi nilimjibu baada ya siku chache, palepale kwenye miwa. Nikasema hapana, nikamwambia nampenda kama rafiki na sioni litabadilika. Akasema, "Nimekuelewa, asante kwa kuniambia wazi." Macho yalimlenga machozi na hakuyaficha, wala hakunifanya niyafute.

Wiki zilizofuata ndizo zilikuwa ngumu, na urafiki mwingi hufia hapo, baada ya jibu. Alinipa taarifa: "Nitapunguza kuja jioni mpaka mwisho wa muhula, nataka nitulie. Sijakasirika." Taarifa hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mtu akitoweka bila kusema, aliyekataa anaona anaadhibiwa, naye huanza kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, au kumkwepa kabisa. Huyu alipunguza kwa wazi yale yaliyokuwa yanamchoma: simu za usiku, kunilipia chakula, kuniuliza natoka na nani. Yale ya urafiki wenyewe hakuyaacha. Jumanne alikuja hospitali na chungwa za mama. Salamu za asubuhi zilibaki, hata zilipokuwa fupi. Mimi kwa upande wangu niliacha kumwegemea begani na kumtania "mume wangu" mbele ya walimu wenzetu, kama tulivyozoea. Matani ya aina hiyo ni matamu watu wakiwa hawana jambo. Likishasemwa, yanamrudisha mwenzako nyuma kila siku.

Kabla ya kusema, jipime kwa swali hili: mwakani akikuletea kadi ya mchango wa harusi yake, utaweza kuchanga? Kama jibu ni hapana, bado unaweza kumwambia, lakini usimwahidi kwamba urafiki utabaki kama ulivyo. Sema kweli kwamba huenda ukahitaji kukaa mbali. Wapo watu ambao kubaki karibu ni kujitesa, na kuagana vizuri ni heshima kwa wote wawili. Kama ameshavishwa pete na mwingine, au wewe ndiye bosi wake, kaa na lako. Hapo hana uhuru wa kukujibu.

Akikubali, jambo moja tu. Mpaka sasa wewe ndiye anayekusimulia akigombana na mtu. Mkigombana nyinyi wawili, atamsimulia nani? Mwache awe na mtu wake wa kumwambia, na mkubaliane lini kundi lenu la marafiki litajua, isije ikatangazwa na mmoja kabla mwingine hajawa tayari.

Na wakikuuliza mlikuwa na nini, hasa atakayekuja kuwa mwenzi wa mmoja wenu, msifiche. Nilipochumbiwa nilimwomba rafiki yangu ruhusa nimweleze mchumba wangu, akakubali, nikaeleza yote, maneno ya kwenye miwa na Jumanne ya hospitali. Mchumba alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama bado linamsumbua. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Walikutana, wakaongea bila mimi. Kamati ya harusi ilipoundwa, mume wangu ndiye aliyempendekeza awe mweka hazina.