Kupachika sauti ya kinasa kwenye video kwa mkono, hasa kamera ikiwa mbali

Kazi ninazopata zaidi ni mihadhara na hotuba za ukumbini. Kamera inakaa nyuma, kwenye tripodi, kwa sababu mbele wamekaa wageni. Maiki ya kamera hapo inaokota feni, viti vinavyoburutwa na watoto, halafu kwa mbali sana ndiyo inamsikia mzungumzaji. Sauti ya namna hiyo haisafishiki ikarudi kuwa nzuri. Dawa yake ni kuweka kinasa sauti kidogo mezani karibu na mzungumzaji, kisha nyumbani unaitoa sauti ya kamera na kuweka ile ya kinasa.

Programu nyingi za kuhariri zina kitufe cha kulinganisha sauti zenyewe kwa kutazama mawimbi. Kwa mahojiano ya karibu kinatosha. Kwa ukumbi mimi nafanya kwa mkono, na sababu nitaieleza kwa mhadhara mmoja wa dakika 50, ambao kamera ilikuwa mita 17 hivi kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anazungumza.

Kabla ya kuanza, kinasa nilikiweka kwenye WAV, 48 kHz, biti 24. MP3 niliiacha, kwani huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili na inakuchanganya wakati wa kupima. Kiwango nilikishusha mpaka maneno ya nguvu yafike kama -12 dB, maana wahadhiri huanza kwa upole na kumaliza kwa kupaza. Sauti ya kamera niliiacha iendelee kurekodi, kwa kuwa bila hiyo huna cha kujipimia. Kisha msaidizi akasimama pale pale kwenye kinasa, mikono ikionekana vizuri kwenye kamera, akapiga kofi moja kavu. Mwisho wa mhadhara, kabla hatujazima chochote, akapiga jingine. Hilo la pili watu wengi hulisahau, na utaona hapa chini lilivyoniokoa.

Kwenye kompyuta, weka video kwenye mstari wa muda, na sauti ya kinasa kwenye traki ya chini yake. Sogea fremu moja moja mpaka uone fremu ya kwanza ambayo viganja vimegusana, uweke alama hapo. Kwenye sauti ya kinasa tafuta mnara mwembamba wa lile kofi, halafu buruta sauti mpaka mwanzo wa mnara huo ukae juu ya alama.

Sasa tazama mawimbi ya kamera. Mnara wake hautakuwa sawa na wa kinasa. Utakuwa umechelewa kidogo kulia. Hapa ndipo mtu anapodhani hajapatia, anaisukuma sauti safi kulia ili minara ifanane, na hapo ndipo anapoharibu. Sauti hewani hukimbia karibu mita 345 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo kutoka mezani mpaka kwenye kamera mita 17 nyuma inachukua milisekunde 50 hivi. Picha yenyewe imefika papo hapo. Ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, maana yake kamera ilisikia kofi zaidi ya fremu moja baada ya kuliona. Ile nafasi kati ya minara miwili ni umbali wa ukumbi, na inatakiwa iwepo. Kile kitufe hakijui umbali huu. Kinafananisha mawimbi na mawimbi, na kinakupa sauti safi iliyochelewa kama ile mbovu.

Kamera ikiwa mita 2 au 3 tu, tofauti ni milisekunde chache, usijisumbue. Kuanzia mita 10 na kuendelea, fuata picha.

Kuhakiki, sitegemei kofi peke yake. Natafuta maneno yenye p na b, ambazo midomo lazima ifunge kwanza: "pamoja", "baba", "kabla". Fremu ambayo midomo inaachana ndiyo sauti inapotakiwa kupasuka. Kama huna uhakika kati ya fremu mbili, chagua ile ambayo sauti inachelewa kidogo. Jicho na sikio vimezoea sauti inayofika baada ya picha, lakini sauti inayotangulia midomo mtazamaji anaihisi mapema sana, hata asipojua kinachomkera ni nini.

Baada ya mwanzo kukaa sawa, ruka moja kwa moja mpaka kofi la mwisho. Katika mhadhara ule, sauti ya kinasa ilikuwa imechelewa fremu 3 kamili. Saa iliyomo ndani ya kinasa na iliyomo ndani ya kamera hazihesabu sawasawa; hutofautiana kwa kiasi kidogo mno, lakini kwa dakika 50 kile kidogo kinajikusanya. Fremu 3 ni milisekunde 120 ndani ya sekunde 3,000, yaani asilimia 0.004. Programu nyingi haziruhusu kubadili kasi kwa tarakimu ndogo namna hiyo, kwa hiyo mimi nakata.

Kwa kuwa kosa linakua taratibu, linafika nusu fremu kwenye dakika ya 8, fremu moja na nusu kwenye ya 25, na mbili na nusu karibu na ya 42. Hapo hapo ndipo pa kukata. Karibu na kila dakika hiyo nilitafuta mahali mwalimu anapovuta pumzi au kunyamaza, nikaondoa fremu moja ya ukimya, nikavuta kila kilichobaki cha sauti hiyo kushoto, nikaunganisha kwa mfifio mfupi ili pasisikike mkwaruzo. Traki ya picha iwe imefungwa kwanza, isije ikavutwa nayo. Kwa njia hii kosa halizidi nusu fremu popote. Ikitokea kinyume, sauti ikawa inatangulia, utaisukuma kulia na pengo utalijaza na ukimya wa ukumbi huo huo. Ndiyo maana huwa naomba watu watulie nusu dakika kabla ya kuanza.

Angalia pia namna kosa linavyotokea. Likikua polepole, ni saa. Likiruka ghafla, kagua pale kamera ilipofunga faili moja na kufungua nyingine, kwa sababu baadhi hupoteza fremu kadhaa hapo. Kipande cha pili kilinganishe upya chenyewe. Likienda mbele na kurudi nyuma, huenda video ni ya simu ambayo idadi ya fremu kwa sekunde inabadilikabadilika. Hiyo usianze kuikata. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kubadili video ya HandBrake ukiwa umechagua Constant Framerate, ndipo uilete kwenye mstari wa muda.

Mwisho, zima kabisa sauti ya kamera chini ya maneno. Hata ukiiacha kidogo sana, zile milisekunde 50 zitafanya mwalimu asikike kama yumo ndani ya pipa. Mimi naifungua tu pale watu wanapocheka au kuitikia, kwa sababu kinasa kipo mezani na hakiwasikii vizuri, na naifunga tena kabla mwalimu hajaanza sentensi nyingine.