Kichwa cha habari kinachozidi matokeo

"Tasnifu yangu ni ya bakteria wa kinyesi katika visima vya Kisauni. Ofisi ya habari ya chuo imependekeza kichwa 'Visima vya Kisauni ni sumu'. Nifupisheje bila kupotosha?"

Dada, hicho kichwa kikatae. Wewe ulipima bakteria wanaoashiria kwamba kinyesi kimefika majini. Hukupima nani aliugua, na aina nyingi za bakteria hao hazimdhuru mtu. Kwa hivyo neno "sumu" halina pa kusimama, wala "yanaua".

Angalia pia namna unavyotaja tofauti. Tuseme kati ya visima 20 vilivyo karibu na vyoo vya shimo, 12 vilikuwa na bakteria, na kati ya 20 vya mbali, 6. Mhariri atapenda "hatari mara mbili". Mwandikie hesabu zenyewe, "12 kati ya 20, dhidi ya 6 kati ya 20", msomaji aone kwamba hata vya mbali havikusalimika na kwamba visima vyenyewe ni vichache. Halafu sema "vilivyo karibu vilikutwa na bakteria mara nyingi zaidi", si "vyoo vimechafua", kwa sababu huenda visima hivyo pia ni vifupi au havina mfuniko.

Msimu utaje kwenye aya ya kwanza. Sampuli za masika hazisemi lolote kuhusu Januari.

Kichwa: "Bakteria wa kinyesi wapatikana katika baadhi ya visima Kisauni wakati wa masika". Kimepoa, najua. Omba ukione tena kabla hakijachapishwa, maana vichwa hubadilishwa dakika ya mwisho.