Nguvu ya fezi tatu: kwa nini ni 1.732 na si 3, na pawa fakta ni ya pembe ipi

"Wakuu, nina mota ya fezi tatu, kibati kinasema 15 kW. Nimepima volti 400 kati ya waya na waya, ampea 28 kila waya, cosφ ya kibati ni 0.85. Nikizidisha yote mara 3 napata kilowati 28 na ushee, haiingii akilini. Wengine wanasema weka 1.73. Ipi sahihi? Na mota ikiwa delta si hesabu inabadilika?"

Mkuu, sahihi ni 1.732, na haibadiliki iwe nyota au delta. Kanuni yenyewe:

```
P = √3 × V × I × cosφ
P = 1.732 × 400 × 28 × 0.85 = 16,490 W
```

V hapo ni volteji ya laini, yaani ile unayoipata ukiweka ncha za mita kwenye waya mbili za moto. I ni mkondo wa laini, yaani ampea za waya mmoja unaotoka kwenye saketi breka kwenda kwenye mota. Na cosφ ndiyo pawa fakta yenyewe. Jibu ni kama kilowati 16.5, na huo ndio umeme ambao mota inavuta.

Kibati kinasema 15 kwa sababu namba ya kilowati kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si inayoingia kwenye waya. Gawanya 15 kwa 16.49 upate 0.91. Huo ni ufanisi wa asilimia 91, wa kawaida kabisa kwa mota ya ukubwa huu. Tofauti ya kilowati 1.5 inaishia kuwa joto kwenye koili na kwenye chuma, pamoja na msuguano wa beringi na feni. Kwa hiyo vipimo vyako viko sawa, kosa lilikuwa kwenye ile 3.

Tatu ipo kweli, ila inataka namba nyingine. Mota ina seti tatu za koili na kila moja inakula theluthi ya nguvu, kwa hiyo jumla ni mara 3 ya koili moja. Lakini kwa koili moja unatakiwa utumie volteji iliyo juu ya koili hiyo na mkondo unaopita ndani ya koili hiyo. Wewe umechukua volteji ya laini na mkondo wa laini, na hakuna koili hata moja inayopata vyote viwili kwa pamoja.

Tuifungue mota yako kama imefungwa nyota. Mkondo wa waya unaingia wote kwenye koili, kwa hiyo koili ina ampea 28 kamili. Volteji yake lakini si 400, kwa sababu kati ya waya na waya kuna koili mbili zilizokutana katikati. Volteji za koili hizo zimepishana nyuzi 120, hivyo hazijumlishwi kama namba za kawaida. Kila moja ina volti 231, na tofauti kati yao inatoka 400, si 462. Uwiano wa 400 kwa 231 ndio hiyo 1.732, kipeuo cha pili cha 3. Sasa 3 × 231 × 28 × 0.85 inakupa 16,493, ile ile ukiacha desimali.

Ifunge delta. Koili iko moja kwa moja kati ya waya na waya, kwa hiyo inapata volti 400 zote. Safari hii mkondo ndio unaogawanyika: kila waya unalisha koili mbili, na mikondo yao nayo imepishana, hivyo ampea 28 za waya zinatoka kwenye koili zenye ampea 16.17 kila moja. Hesabu: 3 × 400 × 16.17 × 0.85, jibu 16,493. Nyota inapunguza volteji kwa 1.732, delta inapunguza mkondo kwa 1.732, na ukigawanya 3 kwa 1.732 inabaki 1.732. Ndiyo maana anayepima kwenye laini hana haja ya kujua ndani kumefungwaje.

Angalizo moja hapa. Hilo halimaanishi kwamba mota ile ile ukiihamisha kutoka delta kwenda nyota itavuta nguvu ile ile. Ampea zitabadilika. Kanuni inabaki, ila unaweka ampea mpya ulizopima.

Kuna sehemu moja ambapo kosa linakuwa la kinyume, na wengi linawapita: stata ya nyota-delta. Kutoka kwenye kontakta kwenda kwenye mota kuna waya sita. Mota ikishahamia delta, kila waya kati ya hizo sita unabeba mkondo wa koili, si wa laini. Ukibana klampu mita hapo utasoma karibu ampea 16.2. Ukiiingiza kwenye kanuni ya 1.732 utapata kilowati 9.5, useme mota imepumzika kumbe iko kwenye mzigo kamili. Ama upime juu ya stata, kwenye waya tatu zinazoingia kabla njia hazijagawanyika, ama kama umepima kwenye zile sita utumie 3 × V × I × cosφ. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya ovalodi iliyokaa kwenye njia ya waya hizo isetiwe kwenye 0.58 ya ampea za kibati, kwa mota hii ampea 16.2.

Sasa pawa fakta, ambako ndiko hesabu nyingi zinakoharibikia. Pembe φ ni kati ya volteji ya koili na mkondo wa koili hiyo hiyo. Si kati ya volteji ya laini na mkondo wa laini, ingawa kanuni imeandikwa kwa vipimo vya laini. Kwa cosφ ya 0.85, pembe ni nyuzi 31.8. Volteji ya laini inatangulia ya fezi kwa nyuzi 30, kwa hiyo ukichukua volteji kati ya fezi A na B ukailinganisha na mkondo wa A, unapata 61.8, na kosaini yake ni 0.47 tu.

Utaliona hilo ukipima kwa wati mita ya kawaida ya fezi moja. Weka volteji kati ya A na B, mkondo wa A: itasoma kama wati 5,300. Hamishia volteji kati ya C na B, mkondo wa C: itasoma kama 11,190. Mzigo umelingana kabisa, ampea ni zile zile, ila mita mbili zinasema vitu tofauti. Hakuna kilichoharibika. Moja imeona φ + 30, nyingine φ − 30. Zijumlishe upate 16,490, jibu letu lile lile. Hii ni njia nzuri ya kuhakiki kanuni bila kuhitaji pawa fakta kabisa.

Lakini ukiitumia, zingatia alama. Pawa fakta ikishuka chini ya 0.5, mita moja inasoma hasi. Chukua mota hii ikizunguka bila mzigo, ikivuta ampea 11 kwa pawa fakta ya 0.18. Mita ya kwanza inasoma hasi 1,478, ya pili 2,850, na jumla sahihi ni wati 1,372. Fundi akiona hasi anadhani amegeuza klampu, anaigeuza, kisha anajumlisha zote kama chanya na kupata zaidi ya 4,300. Ukishahakikisha mshale wa klampu umeelekea kwenye mzigo, hasi iache ilivyo na uihesabu kama hasi.

Mfano huo wa bila mzigo unaonyesha pia kwa nini cosφ ya kibati ina mipaka. Ile 0.85 ni ya mzigo kamili peke yake. Mota inahitaji mkondo wa kutengeneza sumaku muda wote, uwe na mzigo au usiwe nao, na mkondo huo hauleti kazi. Mzigo ukipungua, ampea zinapungua ila si kwa kiwango cha mzigo, na pawa fakta nayo inashuka. Kwa mota kama hii, kwenye nusu ya mzigo tarajia kitu kama ampea 16.5 na pawa fakta ya 0.73, ambazo zinakupa kilowati 8.3. Ukichukua ampea 11 za bila mzigo ukaweka 0.85 ya kibati, utaandika kilowati 6.5 wakati ukweli ni 1.4. Ndiyo maana ampea peke yake hazikuambii mzigo ni kiasi gani, hasa chini ya nusu. Kama klampu mita yako haipimi pawa fakta, hesabu hii iamini tu pale ampea zinapokaribia za kibati.

Na pawa fakta uipime pale pale ulipopima ampea. Kukiwa na kapasita za kurekebisha, mita iliyo juu yake inaweza kuonyesha 0.96 huku waya wa mota ukiwa bado kwenye 0.85. Ukichukua 0.96 ya kwenye paneli na ampea 28 za kwenye mota, unapata kilowati 18.6 ambazo hazipo popote.

Mwisho, kanuni nzima imesimama juu ya neno "umelingana", kwa hiyo lihakiki kabla hujaanza kuzidisha. Pima waya zote tatu. Ukipata 27.5, 28.0 na 28.4, chukua wastani uendelee. Ukipata 24, 28 na 33, acha. Wastani unaonekana mzuri, ila kila fezi sasa ina pembe yake na hakuna cosφ moja ya kuweka kwenye kanuni. Hapo rudi kwenye zile wati mita mbili: kwa waya tatu zisizo na nyutro, jumla yake ni sahihi hata mzigo usipolingana. Kisha pima volteji zote tatu, kwa sababu kwenye mota tofauti ndogo ya volteji huzaa tofauti kubwa mara kadhaa ya mkondo. Volteji zikiwa sawa na ampea bado zinatofautiana, hamisha waya zote tatu nafasi moja mbele kwenye kiboksi cha mota. Ukihamisha zote kwa zamu mzunguko haugeuki. Ampea kubwa ikifuata koili, tatizo liko kwenye mota. Ikibaki kwenye fezi ile ile ya umeme, tafuta kiungo kilicholegea au kontakti iliyoungua upande wa umeme unaoingia.