Faida ya kwenye vitabu siyo faida ya kodi, mimi nililipia somo hili

Juzi kuna mdada kanitumia meseji inbox, anasema kampuni yake imefunga mwaka na hasara ya milioni 4 na bado mhasibu wake anamwambia kuna kodi ya kulipa, je anaibiwa? Nilicheka kidogo halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka mwenyewe nilivyoaibika.

Mwaka wangu wa kwanza kama mhasibu peke yangu nilikuwa kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Faida kabla ya kodi ilitoka milioni 60. Mimi na ujuaji wangu nikachukua 60 mara asilimia 30, nikapata milioni 18, nikajaza riteni nikaenda zangu nyumbani nikiwa najiona. Bosi alinisifia hadi mbele ya mkewe. Mkaguzi alipokuja kupitia yale mafaili hakuongea sana, aliniuliza tu "komputesheni iko wapi?" yaani ile hesabu ya kugeuza faida ya vitabu kuwa faida ya kodi, na mimi sikuwa nayo.

Basi tukae tuihesabu ile ile. Unaanza na ile milioni 60, halafu unauliza kwa kila gharama iliyoko kwenye matumizi: sheria inaikubali? Isipoikubali unairudisha, yaani unaijumlisha kwenye faida. Uchakavu wa mali niliokuwa nimeuweka mwenyewe kwa asilimia nilizozichagua, milioni 18, unarudishwa wote. Makadirio ya madeni ambayo wateja huenda wasilipe, milioni 7, yanarudi, kwa sababu kuogopa kwamba mteja hatalipa siyo sawa na deni kufutwa baada ya kulifuatilia kweli kweli likashindikana. Faini ya kuchelewesha VAT milioni 2, inarudi. Na ada ya shule ya mtoto wa bosi milioni 5, imeandikwa "mafunzo" jamani, na haikupita hata kwenye mishahara ikakatwa kodi, inarudi. Jumla milioni 32, tumefika 92.

Wengi wanaishia hapo na kulia. Lakini ukiwa umerudisha uchakavu wako, sheria inakupa wa kwake, na hapo ndipo wahasibu wavivu wanawaumiza wateja wao. Tanzania mali zinawekwa kwenye madaraja, magari madogo na kompyuta yako daraja la kwanza kwa asilimia 37.5, fenicha za ofisi daraja la tatu kwa asilimia 12.5, unapiga kwenye thamani iliyobaki kila mwaka. Sisi tulianza mwaka na magari ya thamani ya kikodi milioni 45, tukauza pikapu ya zamani kwa milioni 5, unatoa ile 5 inabaki 40, mara asilimia 37.5 ni milioni 15. Fenicha milioni 8, unapata milioni 1.

Sasa angalia hapa. Ile pikapu kwenye vitabu ilikuwa imebaki milioni 2 tu, kwa hiyo tulikuwa tumeandika faida ya mauzo milioni 3, na iko ndani ya ile 60. Lakini ile milioni 5 yote tayari imeshapunguza daraja la magari. Ukiiacha ile 3 unatozwa mara mbili kwa gari moja. Inatolewa. Kwa hiyo 15, 1 na 3 ni 19, na 92 toa 19 ni 73. Asilimia 30 yake ni milioni 21.9. Nilipungukiwa milioni 3.9, na riba juu yake, na bosi aliyekuwa ananisifia aliacha kunisalimia wiki nzima. Bado inaniuma kidogo, sitadanganya.

Mwaka uliofuata nikajifanya mwangalifu kupita kiasi, nikarudisha makadirio ya madeni milioni 11. Kumbe 11 ni jumla iliyokuwa kwenye mizania, pamoja na ile 7 ya mwaka uliopita, mwaka ule iliyoingia kwenye matumizi ilikuwa 4 tu. Nikawa nawalipia watu kodi ya bure. Tangu hapo kila namba ninayorudisha naweka kidole kwenye mstari wake kwenye taarifa ya mapato na matumizi, kama haikupunguza faida mwaka huu hairudi, haijalishi inaonekana mbaya vipi. Nyie mnaokopi eksel ya mwaka jana na kubadilisha tarehe acheni, mnajua wenyewe.

Na wewe mdada, hauibiwi, angalau siyo kwa hilo tu. Hasara ya milioni 4 ikiwa na uchakavu wa vitabu wa milioni 15 na faini humo ndani inageuka faida haraka sana. Muulize mhasibu wako swali moja: upande wa kutoa umeweka nini? Kama anakuonyesha vilivyorudishwa tu na chini yake hakuna uchakavu wa kikodi hata shilingi, mwombe orodha ya mali zenu na tarehe mlizonunua, halafu nitumie.